Omba ukuta, usiombe nafasi

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sauti, sekunde 14. Mama mmoja anayeuza asali ya Sikonge, Tabora, mteja wangu kwa mwaka wa pili sasa, alikuwa amefungua tovuti yake mpya kwenye kompyuta ya mwanawe.

"Mwanangu, nimeiona. Imependeza. Ila pale juu umeandika nini? Nasoma 'Asali ili', halafu naona nyuki. Na ule mzinga ni wa wapi?"

Nilicheka peke yangu, kisha nikaifungua tovuti na kicheko kikaniishia mdomoni. Kichwa cha bango kilikuwa "Asali iliyoivia mzingani", herufi nene nyeupe. Neno la pili lilianza vizuri kwenye kivuli, likafika katikati, likampanda nyuki mgongoni, likapotelea kwenye mabawa. Na mzinga? Ulikuwa wa nyasi zilizosukwa, umbo la chungu kilichofudikizwa, aina ya Ulaya ya zamani. Sikonge mizinga ni ya magome na magogo, na inatundikwa juu ya miti ya miombo. Mama yule hajawahi kuona mzinga wa nyasi, na nina hakika hata nyuki wake hawajawahi.

Ile picha niliitoa kwenye programu ya akili mnemba inayochora kwa maelekezo ya maneno. Habari ya mzinga niliielewa papo hapo, nilistahili aibu ile. Kilichonikera wiki tatu zilizofuata ni kile kichwa.

Kwa sababu nafasi niliiomba. Niliiomba kwa jina lake.

## Nilichoandika siku ile

Haya ndiyo maelekezo, kama yalivyo kwenye kumbukumbu za akaunti yangu:

```
honey banner, jar of honey, beehive, negative space
for headline on the left, rule of thirds --ar 3:1
```

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba maelekezo mengi tunayaandika kwa Kiingereza, maana maandishi ambayo modeli hizi zilifundishwa nayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Hiyo `--ar 3:1` ni uwiano wa bango: upana mara tatu ya kimo. Mengine ni ya darasani kabisa. Nafasi tupu kwa ajili ya maneno, upande wa kushoto. Kanuni ya theluthi, ile inayogawa picha mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo. Mwalimu wangu wa usanifu angenipa vema.

Nilirudi nikazitazama zile picha nne zilizotoka. Siku ile nilikuwa na haraka, nikachagua ya nne kwa kuwa ilikuwa na rangi nzuri. Safari hii nilizitazama kama fundi anayefungua injini.

Ya kwanza ilikuwa na chupa katikati barabara, kama picha ya pasipoti. Ya pili haikuwa picha ya kamera: ilikuwa nembo, umbo jeusi la chupa juu ya weupe, na ndani ya chupa umbo la nyuki limekatwa. Ya tatu ilikuwa na nafasi kushoto, lakini imejazwa herufi za uongo, kitu kama "HONNEY BEAAN", na juu yake mistari myembamba miwili iliyosimama, kama ile ya kwenye kamera ya simu. Ya nne ndiyo ile ya nyuki.

Niliangalia kwa muda kabla sijaelewa. Programu haikunidharau. Ilinitii, neno kwa neno.

## Kila neno lilikuja na picha yake

Modeli ya namna hii imejifunza kwa kuoanisha picha na maandishi yaliyokaa karibu nayo mtandaoni. Mkusanyo wa LAION-5B uliotolewa mwaka 2022, ambao modeli ya kuchora ya Stable Diffusion ilifundishwa kwa sehemu yake, ni hivyo tu: mabilioni ya picha, kila moja na maneno yake ya maelezo yaliyookotwa kwenye kurasa za wavuti. Kwa hiyo neno lolote ninaloandika linavuta picha ambazo watu waliziandikia neno hilo.

Sasa jiulize, ni picha zipi watu huziandikia `negative space`? Siyo picha ya ukuta mtupu. Mtu aliyepiga picha ya ukuta ataandika "ukuta". Wanaoandika `negative space` mara nyingi ni wachoraji wa nembo, wanaoonyesha ule ufundi wa kukata umbo moja ndani ya lingine. Ndiyo ile picha ya pili. `headline` inakaa kwenye picha zenye vichwa vya habari, yaani zenye herufi. `rule of thirds` inakaa kwenye masomo ya upigaji picha, ambako mwalimu amechora mistari juu ya picha. Na `banner` pengine ingeniletea kitambaa kilichotundikwa kati ya nguzo mbili; hilo limewahi kunitokea kwenye kazi ya kanisa fulani.

Maneno yangu yalikuwa ya fundi akiongea na fundi mwenzake. Anayesikiliza hapa hajui ufundi. Anajua kilichoandikwa chini ya picha.

Kuna neno moja la biashara hii ambalo lina bahati: `copy space`. Wauzaji wa picha za akiba, zile zilizopigwa tayari kwa yeyote atakayezinunua, wamelitumia kwa miaka mingi kama lebo ya picha yenye nafasi ya kuwekea maandishi, na wanalibandika kwenye picha zenye nafasi kweli. Nikaanza kulitumia. Linasaidia, sikatai. Picha ikawa na upande uliopumua mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Lakini lilikuja na mwonekano wa duka la picha: meza nyeupe mno, majani ya mnanaa pembeni, na kile kijiti cha mbao chenye mikunjo ambacho dunia nzima ya matangazo inaamini ndicho cha kuchotea asali. Mama yule anachota kwa kijiko.

Mara nyingine pia ilileta herufi, kana kwamba nafasi imekwisha kupata mpangaji.

## Utupu hauchoreki

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa. Nilijaribu kukazia: `empty space`, kisha `lots of empty space on the left, no objects, no bees`. Jaribio moja lilinipa anga la usiku lenye nyota, kwa kuwa `space` ni anga za juu pia. Na nilipoandika `no bees` nyuki waliongezeka. Hilo linajulikana: ukitaja kitu ndani ya sentensi, hata kwa kukikataa, umekwisha kukiita. Jina la nyuki lina uzito kuliko kale kaneno ka kukanusha. Vya kukataa vina sehemu yake, ama kisanduku cha peke yake kwenye programu za aina ya Stable Diffusion, ama alama ya `--no` mwishoni kwa zile zinazoikubali.

Mwanya ulifunguka sehemu ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi nikisubiri zamu, natazama tangazo lake la mafuta ya nywele. Kichwa cha tangazo kilikuwa juu ya ukuta wa bluu. Nikaanza kuhesabu mabango mengine niliyoyakumbuka: maneno juu ya anga, maneno juu ya bahari, maneno juu ya shati jeupe la mtu, juu ya ukungu, juu ya mchanga. Hakuna hata moja lililokuwa na maneno juu ya utupu.

Tunachokiita nafasi tupu ni kitu. Ni kitu kilichotulia.

Basi nikakitaja kitu chenyewe, nikakitaja mwanzo kabla ya chupa:

```
wide photo, a smooth cream plaster wall fills the left
two thirds of the frame, soft even light, out of focus.
One small glass jar of amber honey on a dark wooden table,
at the far right, seen from a distance
--ar 3:1 --no text, bees, flowers, dipper
```

Picha nne, tatu zilikuwa na ukuta. Ukuta halisi, wa rangi ya krimu, unaofifia taratibu kuelekea pembeni. Sikuomba nafasi hata kidogo.

## Theluthi ni shamba, siyo mwiba

Ile ya nne chupa ilikuwa bado katikati. Hili la katikati lina historia yake. Picha nyingi za bidhaa mtandaoni zina bidhaa katikati, na kufundisha modeli kwa picha zilizokatwa kuwa mraba kunaongeza mazoea hayo. Waliotengeneza Stable Diffusion XL mwaka 2023 walieleza jambo ambalo lilinifurahisha: wakati wa kuifundisha waliiambia modeli kila picha imekatwa kuanzia wapi, kisha wakati wa kuitumia wanaiambia "haikukatwa popote", ili kitu kitokee kizima na katikati. Yaani ukatikati ni huduma. Anayetaka kichwa cha habari pembeni anaogelea dhidi ya mkondo.

Nilichojifunza kuhusu kanuni ya theluthi ni kwamba nilikuwa nimeielewa nusu. Nilifundishwa zile nukta nne ambapo mistari inakutana: weka jicho la mtu pale, weka jua pale. Lakini jina lenyewe lilipochapishwa mwaka 1797, kwenye kitabu cha John Thomas Smith kuhusu mandhari ya mashambani Uingereza, hoja ilikuwa ya ukubwa wa maeneo. Anga lichukue kama theluthi mbili, au theluthi moja. Vitu viwili visigawane picha nusu kwa nusu. Anagawa shamba, hachomi miiba.

Kwa bango hiyo ndiyo tafsiri inayofaa. Modeli haijui nukta ya makutano iko wapi, ila inaelewa, kwa mkono mzito kidogo, kwamba ukuta "unajaza theluthi mbili za kushoto". Mkono mzito, narudia. Nilijaribu kuandika `66%` na `1000 pixels`; sikuona tofauti yoyote. Maneno ya ukubwa wa kulinganisha yanafanya kazi kuliko tarakimu: `small`, `seen from a distance`, `wide photo`. Chupa ikiambiwa ni ndogo na iko mbali, ukuta unakua wenyewe. Hili la umbali naliona ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwani ukimwacha mpiga picha asogee karibu, chupa itajaa na theluthi zote zitakufa.

Kulia na kushoto modeli huchanganya. Sihangaiki tena nalo. Picha ikitoka nzuri lakini imegeuka, naipindua kama kwenye kioo. Tahadhari moja: usipindue picha yenye maandishi. Niliwahi kupindua picha ya mama aliyejifunga kanga, na methali yake ikasomeka kinyume kwa siku mbili kwenye ukurasa wa watu kabla shangazi wa mteja hajapiga simu.

## Pima kichwa kwanza

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la maneno. Nilikuwa naomba nafasi bila kujua nataka kiasi gani.

Kiswahili kina maneno marefu, na neno refu halikatwi katikati kwenye bango. "Iliyoivia" ni herufi tisa zinazotembea pamoja. Wenye lugha ya maneno mafupi wanaweza kulikunja bango lao wapendavyo. Sisi upana wetu unaamuliwa na mstari mrefu kuliko yote.

Bango la Mama lina pikseli 1500 kwa 500. Kwa herufi nene za ukubwa wa pikseli 72, herufi moja inachukua wastani wa pikseli 40 hivi. Inategemea fonti, lakini kwa kukadiria inatosha. Mstari wa kwanza, "Asali iliyoivia", una herufi 14 na nafasi moja, tuseme 15. Mara 40 ni 600. Nikianzia pikseli 80 kutoka ukingo wa kushoto, mstari unaishia 680. Mstari wa theluthi ya kulia uko 1000. Chupa yenye upana wa pikseli 140 ikikaa juu ya mstari huo, inaanzia 930. Kati ya neno na chupa kuna pikseli 250 za hewa.

Kwa kwenda chini: mistari miwili ya kichwa ni 160, mstari mdogo wa maelezo na kitufe cha kuagizia ni 120 nyingine, na upenyo kati yake. Ni kama 300 kati ya 500. Kwa hiyo ukingo wa meza lazima uwe chini sana, la sivyo utapita nyuma ya kitufe na kukikata. Ndiyo nikaongeza `table edge low in the frame`.

Hesabu hii ilinichukua dakika tano. Ningeifanya siku ya kwanza, ile picha ya nyuki nisingeigusa.

Siku hizi naweka kichwa halisi juu ya kila picha kabla sijaichagua. Siweki maneno ya kujazia, naweka yale yale yatakayochapwa. Kisha naipunguza picha hadi upana wa pikseli 150. Kama kwenye ukubwa huo naona doa moja la asali na pale penye kichwa pametulia, picha imepita. Nikiona madoa mawili yanayogombana, haijapita, hata iwe nzuri namna gani.

## Maneno matamu yanayojaza ukuta

Baada ya ukuta kupatikana, nilitaka kuupamba. Nikarudisha maneno niliyozoea kuyamwaga mwishoni mwa kila maelekezo: `highly detailed`, `rustic`, `vibrant`.

Ukuta ukachanika nyufa. Plasta ikabanduka, matofali yakachungulia, jua likapita kwenye dirisha la kufikirika likachora pembe nne za mwanga pale pale kichwa kinapokaa.

Neno la mapambo halijui mipaka. Ukisema kila kitu kiwe na undani mwingi, ukuta nao ni kitu. Niliyaondoa yote. Kwenye programu ninayotumia kuna pia kipimo cha kiasi gani ijiongezee urembo wake yenyewe, `--stylize`, ambacho kawaida yake ni 100. Nikakishusha hadi 50. Picha ikapoa. Ikawa ya kawaida kidogo, nakiri, na hapo niliingiwa na shaka, maana picha isiyo na maneno juu yake sasa ilionekana kama haijamalizika.

Nadhani ndivyo inavyotakiwa. Picha ya bango ikionekana imekamilika kabla ya kichwa, kichwa kitakuja kama mgeni wa ghafla.

Mwanga nao una hila zake. Dirisha likiwa kushoto, ukuta unang'aa kushoto na kufifia kulia, na kichwa kinaanzia kwenye mwangaza na kuishia kwenye kivuli. Herufi nyeupe zitapotea mwanzoni. Herufi nyeusi zitapungua nguvu mwishoni. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka uwiano wa mwangaza kati ya herufi na kilicho nyuma yake wa angalau 3 kwa 1 kwa herufi kubwa na 4.5 kwa 1 kwa herufi ndogo, na kuna programu nyingi za bure za kupimia. Jambo ambalo watu hulisahau ni kupima pale palipo pabaya zaidi. Kwa herufi zangu za kahawia iliyokolea, nilipima kwenye kona yenye kivuli kuliko zote chini ya ule mstari mdogo wa maelezo, siyo katikati ya ukuta ambako kila kitu kinafaulu.

## Simu ikala chupa

Nikamtumia Mama bango jipya, nikisubiri sifa.

"Mwanangu, mbona asali yenyewe haipo?"

Safari hii alikuwa kwenye simu yake mwenyewe.

Bango la 3:1 likiingia kwenye simu yenye upana wa 390, na kimo kikibaki 500, kivinjari kinakata pande zote mbili na kuacha katikati: kuanzia pikseli 555 hadi 945. Chupa yangu iko 1000. Kanuni ya theluthi ilikuwa imeitoa bidhaa katikati, kama nilivyotaka, na simu ikaonyesha katikati. Ukuta. Ukuta mzuri wa krimu, na ukingo wa chupa ukichungulia kama jirani mlangoni.

Dawa ya haraka ni kukiambia kivinjari kikate kwa kuegemea kulia:

```css
.bango img {
  object-fit: cover;
  object-position: 72% 50%;
}
```

Kinachozidi ni 1500 kutoa 390, yaani 1110. Asilimia 72 ya hiyo ni 799, basi simu inaonyesha 799 hadi 1189, na chupa inarudi katikati. Lakini sasa kichwa kinakaa juu ya chupa. Tumerudi kwa nyuki.

Nikafikiria kutengeneza picha ya pili iliyosimama, ya simu peke yake. Nikaitoa. Ilikuwa chupa nyingine, ukuta mwingine, meza ya mti mwingine. Mtu akifungua tovuti kwenye kompyuta kisha kwenye simu ataona maduka mawili.

Suluhisho lilikuwa kuacha kuomba bango. Niliomba picha ya kawaida ya 3:2, yenye nafasi umbo la herufi L iliyogeuzwa: ukuta kushoto, na ukuta juu ya chupa pia.

```
a smooth cream plaster wall fills the left side and the
whole upper half of the frame. One small jar of honey
low on the right, on a dark table --ar 3:2
```

Nikaikuza hadi pikseli 2400 kwa 1600. Chupa ilikaa karibu na 1600 kwa upana, kati ya 1000 na 1400 kwa kimo. Kwa kompyuta nikakata utepe wa 2400 kwa 800 kutoka chini, kuanzia kimo cha 750 hadi 1550. Ukiupunguza hadi 1500, chupa inaangukia kwenye 1000 ile ile ya hesabu. Kwa simu nikakata kipande cha 1280 kwa 1600, kuanzia 960 hadi 2240. Hapo chupa iko katikati chini, na juu yake kuna pikseli 1000 za ukuta kwa ajili ya kichwa. Kukata kwa namna hii kuna faida nyingine: modeli nyingi huharibikiwa zikilazimishwa umbo refu mno. Za zamani zilikuwa zinarudia kitu kile kile, chupa mbili badala ya moja, kama zimesahau zilichochora upande wa pili. Umbo la 3:2 halizisumbui.

```html
<picture>
  <source media="(max-width: 600px)" srcset="asali-simu.jpg">
  <img src="asali-pana.jpg" alt="Chupa ya asali mezani">
</picture>
```

Chupa moja, ukuta mmoja, mikato miwili.

## "Hiyo siyo chupa yangu"

Alisema hivyo bila ukali. Alikuwa ameshasifu kichwa, ameshasifu rangi. Kisha akasema chupa zake zina kifuniko cha njano na lebo yenye jina la kijiji, na asali yake ya miombo imekolea kuliko ile.

Nilijaribu kuiandika lebo kwenye maelekezo. Unaweza kukisia kilichotoka.

Kwa wiki zote hizo nilikuwa nimeshughulikia mahali pa kuweka maneno, na sikuwa nimejiuliza kama pale kwenye theluthi ya kulia panafaa kukaa kitu ambacho hakipo. Ukuta wa kubuni haumdanganyi mnunuzi. Chupa ya kubuni, kwenye duka la kuuza chupa hiyo hiyo, sina hakika. Kwa tangazo la msimu wa mavuno nitaendelea kutumia picha za kuchora. Kwa bango la mlangoni nilishindwa.

Nikachukua maelekezo yangu ya mwisho nikayatafsiri, nikamtumia mwanawe kwenye WhatsApp karibu kama yalivyo: "Tafuta ukuta wa rangi moja. Weka meza chini yake, chupa moja tu. Simama mbali kuliko unavyodhani. Laza simu. Ukuta ujaze kushoto kote na nusu yote ya juu. Chupa iwe ndogo, chini kulia. Dirisha lisiwe kushoto."

Hakuuliza hata swali. Baada ya nusu saa zilikuja picha sita, pikseli 4000 kwa 3000. Ya tano ilikuwa na kila kitu: ukuta wa sebuleni wa rangi ya maziwa, kifuniko cha njano, asali iliyokolea kama chai ya rangi. Nikapunguza kidogo juu kupata 3:2, nikakata mikato yangu miwili kwa vipimo vile vile.

Kulikuwa na msumari ukutani, upande wa kushoto, wa kalenda iliyoondolewa. Ningeweza kuufuta kwa brashi ya programu kwa sekunde tatu. Kwenye mkato wa simu haukuwamo kabisa. Kwenye ule mpana nikakisogeza kichwa pikseli 12 kushoto, na mguu wa herufi A ukausimamia juu yake.